Kutoka Notisi za Somo hadi Chati ya Mtiririko: Lugha ya Hatua katika Kufasiri Majibu ya Gesi za Damu

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna notisi za somo la asidi na besi zinavyoweza kugeuzwa kuwa chati ya mtiririko inayomwongoza mwanafunzi wa tiba au uuguzi kufasiri majibu ya gesi za damu. Hoja inayojengwa ni kwamba kazi hiyo si ya kufupisha notisi, bali ni ya kugeuza mwelekeo wa sentensi zake na kubadili sarufi yake. Mifano miwili ya majibu inafuatiliwa kutoka kisanduku hadi kisanduku, na maneno mawili, yaani fidia na kawaida, yanachunguzwa kwa ukaribu kwa sababu ndiyo yanayompotosha msomaji kuliko mengine.

1.0 Utangulizi

Karatasi inayotoka katika mashine ya gesi za damu ni fupi. Juu yake huwa na pH, kisha shinikizo la kabonidayoksaidi katika damu ya ateri (PaCO2), kisha bikaboneti (HCO3), pamoja na oksijeni na vipimo vingine. Muuguzi au daktari mwanafunzi anayeishika karatasi hiyo saa nane za usiku ana namba mkononi na anatafuta jina la hali ya mgonjwa. Notisi alizosoma darasani zilikuwa na mwendo wa kinyume: zilianza na jina, zikamalizia kwa namba.

Sentensi ya kawaida katika notisi hizo ni kama hii: "Katika asidosisi ya kimetaboliki, bikaboneti hushuka, pH hushuka, na mapafu hufidia kwa kupunguza kabonidayoksaidi." Ni sentensi sahihi kisayansi na haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, mtu akiikata vipande vitatu na kuvitia katika visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale, anapata mchoro unaofanana na chati ya mtiririko lakini usiomfikisha msomaji popote. Makala haya yanashughulikia tofauti iliyopo kati ya mchoro huo na chati inayofanya kazi.

2.0 Mwelekeo wa sentensi

Notisi husema kwamba A huleta B. Msomaji wa majibu ana B, naye anauliza A ni nini. Kishawishi ni kuigeuza sentensi ilivyo: kwa kuwa asidosisi ya kimetaboliki hushusha bikaboneti, basi bikaboneti iliyoshuka ni asidosisi ya kimetaboliki. Ugeuzaji huo si halali. Bikaboneti hushuka pia kwa mtu ambaye amekuwa akipumua kupita kiasi kwa siku kadhaa, kwa kuwa figo zake hutoa bikaboneti ili kuizuia damu isizidi kuwa ya kibesi. Namba ni ile ile, ila chanzo ni tofauti na matibabu ni tofauti.

Historia ya tiba ina mfano mzito wa kosa hili. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen nchini Denmark ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio, na wagonjwa wengi walipooza misuli ya kupumulia. Vipimo vya wakati huo vilionyesha kiwango cha jumla cha kabonidayoksaidi katika damu, ambacho sehemu yake kubwa ni bikaboneti, kikiwa juu. Madaktari walikisoma kuwa dalili ya alkalosisi isiyojulikana chanzo chake. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alidai kinyume: wagonjwa wale walikuwa wanashindwa kuitoa kabonidayoksaidi, na damu yao ilikuwa ya kiasidi. pH ilipopimwa, dai lake lilithibitika. Msichana wa miaka 12 alitobolewa koo na kupuliziwa hewa kwa mkono, akapona hatari iliyokuwa mbele yake, na baada yake wanafunzi wa udaktari walifanya zamu kwa majuma mengi wakiwapulizia wagonjwa wengine kwa mikono yao. Waliokosea hawakukosa elimu. Walikuwa na namba moja, wakaisoma kabla ya ile iliyopaswa kutangulia.

Ndiyo maana kisanduku cha kwanza cha chati huuliza kuhusu pH, na si kuhusu bikaboneti. Kinauliza: "Je, pH iko chini ya 7.35?" Mshale wa ndiyo huenda upande wa asidi. Mshale wa hapana huenda kwenye swali la pili: "Je, pH iko juu ya 7.45?" Baada ya hapo ndipo chati inapouliza ni nani aliyeisukuma pH upande huo. Kama damu ni ya kiasidi na PaCO2 iko juu ya 45 mmHg, mapafu yanahusika. Kama damu ni ya kiasidi na bikaboneti iko chini ya 22, msukumo ni wa kimetaboliki. Yote mawili yakiwapo, visukumo ni viwili, na chati lazima iwe na mshale wa jibu hilo.

Hapa istilahi inahitaji uangalifu. Asidemia ni hali ya damu, yaani pH iliyo chini. Asidosisi ni mchakato unaoisukuma damu kuelekea huko. Damu ina hali moja tu kwa wakati mmoja, lakini inaweza kuwa na michakato miwili au mitatu inayovutana. Notisi nyingi za Kiswahili hutumia neno asidosisi kwa maana zote mbili, na msomaji hana namna ya kujua kwamba kisanduku cha kwanza kina jibu moja tu ilhali visanduku vinavyofuata vinaweza kuwa na majibu kadhaa. Katika chati, neno asidemia likae kwenye kisanduku cha kwanza pekee, na asidosisi lianze kutumika kuanzia cha pili.

3.0 Kiambishi hu- na swali lenye kikomo

Kiambishi hu- ndicho mhimili wa notisi za sayansi kwa Kiswahili. Hueleza mazoea na kanuni: bikaboneti hushuka, mapafu hufidia, figo huchelewa. Udhaifu wake, kwa kazi inayozungumziwa hapa, ni kwamba hakisemi lini wala kiasi gani. Kiambishi -ki- nacho hubeba maana mbili kwa pamoja: "PaCO2 ikipanda" huweza kuwa sharti na huweza kuwa wakati. Darasani utata huo hauna madhara, kwa kuwa mwalimu yupo. Kwenye ukuta wa wodi hayupo.

Kisanduku cha chati kinahitaji swali lenye -me- au kitenzi kishirikishi, pamoja na kikomo kinachoweza kusomwa kwenye karatasi. Badala ya "PaCO2 hushuka", kiandikwe "Je, PaCO2 imeshuka hadi kiwango kilichokokotolewa?" Badala ya "ikipanda sana", iandikwe namba na kipimio chake. Kipimio si jambo la mapambo, kwani mashine nyingine huchapisha shinikizo kwa mmHg na nyingine kwa kilopaskali. PaCO2 ya 40 mmHg ni sawa na 5.3 kPa. Chati isiyotaja kipimio humwacha msomaji wa mashine ya pili akiona kila mgonjwa ana kabonidayoksaidi ya chini ajabu.

Kuna jambo jingine ambalo watafsiri wa chati za Kiingereza hulisahau. Swali kanushi likiulizwa kwa Kiswahili, jibu la ndiyo kwa kawaida huafiki ukanushi wenyewe. Akiulizwa "Je, hakuna pengo?", mzungumzaji wa Kiswahili anayekubali kwamba hakuna pengo atasema "ndiyo, hakuna". Mwanafunzi aliyesomea tiba kwa Kiingereza huweza kufuata mshale wa hapana akimaanisha jambo lile lile. Watu wawili wanaokubaliana kabisa kuhusu mgonjwa wataishia kwenye visanduku viwili tofauti. Dawa yake ni nyepesi: kila swali la chati liwe yakinishi.

4.0 Neno fidia

Katika Kiswahili cha kila siku, fidia ni malipo ya kuziba hasara. Aliyelipwa fidia amerudishiwa chake, au angalau deni limefungwa. Neno hili lilipochukuliwa kueleza namna mapafu yanavyoitikia asidosisi ya kimetaboliki, lilikuja na maana hiyo ya kufunga deni. Mwanafunzi anapoona PaCO2 imeshuka chini ya 35, huandika "imefidiwa" na kuweka kalamu chini. Lakini fidia ya kifiziolojia ina kipimo chake. Hairudishi pH hadi katikati ya kawaida, isipokuwa kwa nadra, na wala haipiti upande wa pili. Juu ya hayo, inaweza kuwapo na isitoshe.

Kipimo cha kutosha kwa asidosisi ya kimetaboliki kilitolewa na Albert, Dell na Winters mwaka 1967, na bado kinatumika:

```
PaCO2 inayotarajiwa = (1.5 × HCO3) + 8, ± 2   (mmHg)
```

Achukuliwe mgonjwa wa mfano, kijana wa miaka 22 mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye amekuwa na kikohozi na homa kwa siku 3 na hakudunga insulini. Majibu yake ni pH 7.11, PaCO2 32 mmHg, HCO3 10, sodiamu 134 na kloraidi 96, zote tatu za mwisho zikiwa kwa milimoli kwa lita.

Kisanduku cha kwanza kinajibiwa haraka: pH iko chini ya 7.35, kwa hiyo ni asidemia. Cha pili: bikaboneti ni 10, na PaCO2 haiko juu ya 45, kwa hiyo msukumo ni wa kimetaboliki. Mwanafunzi anayefuata notisi huishia hapa. Kabonidayoksaidi yake ni 32, imeshuka chini ya kawaida, basi "mapafu yanafidia". Chati iliyoandikwa vizuri humlazimisha akokotoe. Mara 1.5 ya 10 ni 15, ukiongeza 8 ni 23, hivyo kiwango kinachotarajiwa ni kati ya 21 na 25. Kilichopimwa ni 32. Kabonidayoksaidi iliyo chini ya kawaida ya mtu mzima mwenye afya iko juu mno kwa kijana huyu.

Jina la hali yake sasa limebadilika. Ana asidosisi ya kimetaboliki pamoja na asidosisi ya upumuaji. Kama mapafu yangefika 23, pH ingekuwa karibu 7.26. Tofauti kati ya 7.26 na 7.11 ni kazi ambayo mapafu yameshindwa kuifanya, ama kwa sababu ya nimonia, ama kwa sababu misuli yake imechoka baada ya saa nyingi za kuhema. Kwa mgonjwa wa namna hii, maji na insulini pekee havitoshi kuwa mpango. Kisanduku kinachofuata mshale huu hakipaswi kuwa na jina la hali tu. Kiseme: "Mgonjwa hapumui vya kutosha kwa hali yake. Mwite daktari mwandamizi sasa. Tazama kifua, fahamu na kasi ya kupumua."

Kwa kuzingatia hayo, pendekezo la makala haya ni kwamba neno fidia libaki, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka, lakini lisisimame peke yake ndani ya chati. Kila linapotokea, liambatane na swali la utoshelevu: fidia inatosha, haitoshi, au imezidi. Ikiwa PaCO2 iko chini ya kiwango kilichokokotolewa, kuna alkalosisi ya upumuaji iliyojiunga, jambo linaloonekana kwa mfano katika sumu ya aspirini na mara nyingi katika sepsisi.

Hatua inayofuata kwa kijana yule ni pengo la anioni, yaani sodiamu ukitoa jumla ya kloraidi na bikaboneti. Kwake ni 134 kutoa 106, sawa na 28, ilhali kawaida ni karibu 8 hadi 12. Asidi zilizoongezeka zinatoka ndani ya mwili wake, nazo kwa kisukari ni ketoni, ingawa lakteti nayo ipimwe. Pengo limezidi kwa 16 na bikaboneti imepungua kwa 14 kutoka 24. Viwango hivyo viwili vinakaribiana, hivyo hakuna mchakato wa tatu uliojificha. Umuhimu wa ulinganisho huu wa mwisho unaonekana zaidi katika mfano wa pili.

5.0 Mshale wa kawaida

Chati nyingi zinazochorwa kutokana na notisi huwa na mshale mmoja hatari kuliko yote. Unatoka kwenye kisanduku cha pH, umeandikwa "kawaida", na unaelekea kwenye kisanduku kilichoandikwa "mwisho". Chanzo chake ni notisi zenyewe, ambazo huanza na jedwali la viwango vya kawaida na kumwachia msomaji ahitimishe kwamba asiye nje ya jedwali hana tatizo.

Mgonjwa wa pili wa mfano ana ugonjwa sugu wa figo, na ametapika kwa siku 5. Majibu yake ni pH 7.40, PaCO2 40 na HCO3 24. Hakuna kitabu chenye namba za kawaida kuliko hizi. Lakini sodiamu yake ni 140 na kloraidi ni 90. Pengo la anioni ni 140 kutoa 114, yaani 26.

Pengo la 26 haliwezi kuachwa hivi hivi. Asidi zimelundikana katika damu, na kila kiasi cha asidi kilipaswa kula karibu kiasi hicho hicho cha bikaboneti. Pengo limezidi kwa 14, hivyo bikaboneti ingetarajiwa kuwa karibu 10. Iko 24. Maana yake ni kwamba kabla ya asidi hizo, au sambamba nazo, kulikuwa na kitu kilichokuwa kikiipandisha bikaboneti hadi karibu 38. Kitu hicho ni kutapika, kunakoutoa mwilini uasidi wa tumbo pamoja na kloraidi yake. Mgonjwa ana asidosisi na alkalosisi kwa wakati mmoja, nazo zinavutana kwa nguvu sawa hata kamba ionekane imetulia. Akipewa dawa ya kuzuia kutapika na kurudishwa nyumbani kwa sababu "gesi zake ni za kawaida", upande mmoja wa kamba utaachiliwa na asidosisi itajitokeza.

Kutokana na mfano huu, kisanduku cha pengo la anioni hakipaswi kuning'inia chini ya tawi la asidosisi ya kimetaboliki, ambako notisi humpeleka mchoraji kwa kuwa sura ya pengo hupatikana katika mlango huo. Kiwekwe kwenye shina, mahali ambapo kila jibu hupita, hata lenye pH ya kawaida. Mshale wa kawaida hauondolewi, bali hupelekwa kwenye kisanduku hicho badala ya kupelekwa mwisho.

Kisanduku hicho kina sharti dogo ambalo katika ukanda huu halifai kuachwa kwenye tanbihi. Sehemu kubwa ya pengo la kawaida hutokana na albumini. Albumini ikipungua kwa gramu 10 kwa lita, pengo hupungua kwa karibu 2.5. Mtoto mwenye utapiamlo mkali na albumini ya 20, badala ya 40, akionekana ana pengo la 12, pengo lake halisi ni karibu 17. Bila marekebisho hayo, chati itamwambia msomaji kwamba hakuna asidi iliyojificha, nayo ipo.

6.0 Yasiyoingia katika kisanduku

Chati hudhani kwamba namba ni za kweli. Sindano yenye povu la hewa hushusha PaCO2. Sampuli iliyokaa muda mrefu bila ubaridi huendelea kutumiwa na seli za damu, ikashusha pH na oksijeni na kupandisha kabonidayoksaidi. Hepari ya maji ikizidi kwenye sindano huizimua damu, na bikaboneti huonekana ndogo. Damu ikitoka kwenye vena badala ya ateri, oksijeni yake itamtisha msomaji bure. Kwa sababu hiyo, juu kabisa ya chati kunafaa kuwa na kisanduku kisicho na namba, kinachouliza kama sampuli imechukuliwa na kufikishwa ipasavyo.

Waandishi wengine huongeza hapo ukaguzi wa hesabu, kwamba 24 mara PaCO2 ukigawa kwa HCO3 ilingane na uasidi unaoonyeshwa na pH. Kwa kijana wa mfano wa kwanza ni 24 mara 32 kugawa kwa 10, sawa na karibu 77, na pH 7.11 ni nanomoli 78 kwa lita. Ukaguzi huu una thamani, ila si ile inayodhaniwa. Mashine hupima pH na PaCO2, kisha hukokotoa HCO3 kutokana na hizo mbili, hivyo karatasi yake daima itakubaliana nayo. Kinachonaswa ni kosa la mkono: namba iliyonukuliwa vibaya kwenye faili, au bikaboneti ya maabara ya asubuhi iliyoambatanishwa na gesi za jioni.

Lililo gumu zaidi ni wakati. Mgonjwa mwenye PaCO2 ya 60 kwa saa chache hutarajiwa kuwa na bikaboneti ya karibu 26, kwa kuwa hupanda 1 tu kwa kila mmHg 10. Aliye na PaCO2 hiyo kwa siku kadhaa, figo zake huipandisha kwa karibu 4 kwa kila mmHg 10, ikafika karibu 32. Akija mtu mwenye bikaboneti ya 29, yuko katikati. Anaweza kuwa mgonjwa wa siku mbili ambaye figo zake hazijamaliza kazi, au mgonjwa wa mapafu wa miaka mingi aliyezidiwa leo asubuhi, au mgonjwa wa ghafla mwenye alkalosisi ya kimetaboliki pembeni. Hesabu haiwezi kuchagua kati ya hao watatu, na chati inayojifanya inaweza itakosea bila aibu. Mahali hapo panafaa kisanduku chenye swali lisilojibiwa na mashine, lielekezwe kwa mgonjwa au kwa ndugu aliyemleta: "Amekuwa akihema hivi tangu lini?"